Kata sehemu nzima kabla ya kukata sekunde

"Shikamoo Mwalimu. Filamu yetu ya darasa kuhusu fundi wa viti ilikuwa na dakika 16 na sekunde 40. Tumekata kidogo kidogo kila mahali mpaka ikafika dakika 14, lakini inatakiwa isizidi 10, na tulipowaonyesha wenzetu walianza kupiga soga katikati. Ajabu ni kwamba sasa ina haraka na bado ni ndefu. Tukate nini tena bila kumharibia fundi maneno yake?"

Marahaba, mwanangu. Nimeitazama filamu mara mbili, ya kwanza bila kuisimamisha, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mlichokata ninyi ni pumzi, na mlichobakiza ni marudio. Mmepita klipu moja baada ya nyingine mkanyoa nusu sekunde mwanzoni na nusu sekunde mwishoni, ndiyo maana watu wanadakiana maneno kana kwamba wanagombea maiki, huku mtazamaji akiendelea kuambiwa mara nne kwamba fundi ana bidii. Picha kukaa muda mrefu si lazima imchoshe mtu. Kinachomchosha ni kupewa mara ya pili kitu ambacho tayari anacho. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye sehemu nzima, ikaingia ndani ya mahojiano, na ikamalizikia kwenye fremu. Ninyi mlianzia mwisho.

Kabla hujagusa kitu, nakili taimlaini yote, uipe nakala jina jipya, kwa mfano `toleo_05`, na ile ya dakika 14 usiiguse tena. Anayejua kwamba kazi ya jana ipo salama hukata bila woga, na woga ndio uliowafanya mnyoe badala ya kukata. Kisha zima muziki wote. Mmeutandika chini ya filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na muziki unaficha pale palipolegea: sikio linaendelea kutembea hata picha ikiwa imesimama, na wewe mhariri unadhani mambo yanakwenda. Ukishakaza filamu kavu, utaurudisha mahali pawili au patatu unapohitajika kweli.

Sasa chukua karatasi uikate vipande tisa, kwa sababu filamu yenu ina sehemu tisa. Kwenye kila kipande andika urefu wa sehemu, na chini yake jibu kwa sentensi moja: mtazamaji anajua nini sasa ambacho hakukijua kabla ya sehemu hii? Usiandike kinachoonekana kwenye picha. "Mwalimu anazungumza" si jibu. Andika anachokipata anayetazama.

Nimelifanya zoezi hilo mwenyewe. Ufunguzi wenye lango, mawingu, madarasa na jina la filamu una dakika 1 na sekunde 10, na nilipotaka kuandika mtazamaji amepata nini, nilibaki na "hii ni shule", jambo ambalo angelijua kwa kuona dawati moja tu. Simulizi inayofuata ina sekunde 50, inasema viti huvunjika na kuna fundi mwenye bidii anayevitengeneza. Mahojiano ya kwanza ya fundi, jinsi alivyojifunza kazi, dakika 2 na sekunde 20. Utengenezaji wa kiti, dakika 2 na sekunde 40. Mwalimu wa vifaa, dakika 1 na sekunde 45, anasema fundi ana bidii. Wanafunzi watatu, dakika 1 na sekunde 55, wanasema fundi ana bidii. Mahojiano ya pili ya fundi, namna viti vinavyovunjika, dakika 1 na sekunde 50. Kiti kinarudishwa darasani, sekunde 50. Picha za kuaga na shukrani, sekunde 40. Jumla ni dakika 14 kamili.

Ukivipanga vipande hivyo mezani utaona vitatu vyenye sentensi ileile: simulizi, mwalimu wa vifaa na wanafunzi. Na utaona jambo la pili, zito zaidi. Sentensi ileile tunaipata pia kwenye utengenezaji wa kiti, bila mtu yeyote kuitamka. Fundi anapopiga msasa, anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba kwenye ubao, anapiga msasa tena palepale. Hapo mtazamaji anasema moyoni mwake, "huyu mtu ana bidii." Akishalisema mwenyewe, kila anayekuja kumwambia anampotezea muda. Picha ikishasema, maneno yatoke.

Basi simulizi itoke yote. Najua mliiandika mkaisahihisha mara tatu, na aliyeisoma ana sauti nzuri. Lakini hakuna habari ndani yake ambayo haimo kwenye kinywa au mikono ya fundi. Hapo mmeokoa sekunde 50.

Ufunguzi ndio utakaowauma zaidi, kwa sababu ile picha ya mawingu mliamka alfajiri kuipiga. Hili huwapata wahariri wote waliopiga picha wenyewe: wanapoitazama klipu wanaona na jasho lililoizaa. Mtazamaji haoni jasho hilo. Ndiyo sababu ni vizuri mwenzenu mmoja ambaye hakushika kamera akalie kiti cha uhariri katika hatua hii. Mawingu yatoke, lango litoke. Mna klipu nyingine bora ambayo mmeizika dakika ya tano: mvulana anabeba kiti, mguu mmoja unaning'inia, anasimama mlangoni mwa karakana na fundi hainui kichwa. Anza na hiyo. Skrini nyeusi, nyundo inasikika mara tatu, kisha kiti kinaingia. Sekunde 20 zinatosha, na jina la filamu liandikwe juu ya picha hiyohiyo. Sekunde 50 nyingine zimeokolewa, lakini faida kubwa ni kwamba sasa mtazamaji ana kitu cha kungojea. Kuna kiti kilichovunjika. Je, kitapona? Hapo mwanzo alikuwa hangoji chochote, ndipo akaanza soga.

Kwa mwalimu wa vifaa, sikiliza dakika yake 1 na sekunde 45 ukitafuta sentensi ambayo yeye pekee angeweza kuisema. Ipo moja. Anasema viti vikivunjika huwa vinarundikwa nyuma ya ukumbi, na kabla fundi hajaja, rundo lile lilifika kwenye madirisha. Hiyo ni habari, ina picha ndani yake, na haijasemwa popote. Ina sekunde 25. Hiyo ibaki, mengine yatoke. Wanafunzi watatu nao wanarudia neno moja kwa sauti tatu. Yule wa pili tu ndiye anayeeleza jinsi alivyokaa muhula mzima akikunja goti ili kiti chake kisilale upande. Anaonyesha na goti lenyewe. Sekunde 35, basi. Ile desturi ya kumpa kila aliyehojiwa nafasi kwenye filamu ni adabu nzuri, lakini adabu hiyo mahali pake ni kwenye majina ya mwisho, ambapo wote watatu watashukuriwa.

Hesabu: sekunde 50 za simulizi, 50 za ufunguzi, dakika 1 na sekunde 20 za mwalimu, dakika 1 na sekunde 20 za wanafunzi. Zimetoka dakika 4 na sekunde 20, filamu imefika dakika 9 na sekunde 40, na hatujamgusa fundi hata neno. Mngeendelea kunyoa nusu sekunde, mngehitaji kunyoa mara mia tano na zaidi kupata muda huo.

Usikimbilie kwenye maneno bado. Kuna kupanga upya. Utengenezaji wa kiti mmeuweka wote mahali pamoja, dakika 2 na sekunde 40 mfululizo, na mahojiano mawili yako kwenye marundo yake. Lakini kazi yenyewe ya fundi ina hatua tatu: anang'oa mguu na kukwangua gundi ya zamani kwenye kiungo, anatia gundi mpya, anazungusha kamba miguuni na kuisokota kwa kijiti mpaka viungo vikazane, kisha, gundi ikishakauka, anafungua kamba na kupiga msasa. Katikati ya hatua ya pili na ya tatu fundi mwenyewe hana la kufanya ila kungoja. Hapo ndipo penye nyumba ya mahojiano yake ya kwanza. Kamba imekazwa, kijiti kimefungwa, anakaa, anasimulia alivyojifunza kazi. Mtazamaji anasikiliza kwa utulivu kwa sababu na yeye anangoja gundi ikauke. Mahojiano ya pili, juu ya namna viti vinavyovunjika, yaweke kwenye hatua ya kwanza, wakati anakwangua kiungo na sababu ya kuvunjika iko mkononi mwake. Sekunde 35 za mwanafunzi ziende mara tu baada ya ufunguzi, na rundo la mwalimu wa vifaa lifuate. Hamjapunguza sekunde yoyote kwa kupanga hivi, lakini filamu itaonekana fupi zaidi kwa anayeitazama.

Sasa tuingie ndani ya mahojiano. Hapa msitazame picha kabisa. Andikeni maneno ya fundi yote kama alivyoyatamka, pamoja na kusita na kurudia, kisha kateni kwenye karatasi kwanza. Mahojiano ya kwanza yanaanza kwa sekunde 25 za jina lake na kazi yake. Jina lake litakuwa kwenye maandishi ya chini ya skrini, kazi yake tumeiona, kwa hiyo sekunde hizo zinatoka. Kipande kinachofuata nimekinakili neno kwa neno:

"Mimi, unajua, mimi nilianza kazi hii, nilianza nikiwa kijana, kijana kabisa, kama wewe hivi. Baba yangu alikuwa, yeye alikuwa fundi. Basi nikawa namshikia mbao. Namshikia tu. Siku moja akaniambia, leo shika wewe msumeno." Hapo ananyamaza sekunde nne. "Nikaharibu ubao mzima. Hakusema kitu."

Katika toleo lenu mlikata ule ukimya wa sekunde nne ukabaki nusu sekunde, na kigugumizi cha mwanzo mkakiacha chote. Ni kinyume. Kigugumizi kile ni mtu anayetafuta pa kuanzia, hakina habari. Ukimya ule ni mtu anayeukumbuka ubao. Uso wake unashuka, anautazama mkono wake wa kulia, kisha ndipo anasema. Ukiuondoa, "hakusema kitu" inakuwa taarifa ya kawaida. Rudisha sekunde zote nne.

Kigugumizi kinatoka hivi. Mtu akirudia neno, yeye mwenyewe amekupa mahali pa kukata: kata kabla tu ya neno hilo linapotokea mara ya kwanza, unganisha na pale linapoanza mara ya pili. Anza klipu kwenye "mimi" ya pili. Kisha ondoa kuanzia "nilianza" ya kwanza mpaka kabla ya "nilianza" ya pili, na kuanzia "kijana" ya kwanza mpaka kabla ya "kijana" ya pili. Kwa baba yake, ondoa "alikuwa, yeye". Unabaki na: "Mimi nilianza nikiwa kijana kabisa, kama wewe hivi. Baba yangu alikuwa fundi. Basi nikawa namshikia mbao. Namshikia tu. Siku moja akaniambia, leo shika wewe msumeno." Usishawishike kuondoa "namshikia tu" kwa kuwa inafanana na marudio. Ile "tu" ndiyo inayotuambia kwamba kijana alichoka kushika mbao na alitamani msumeno. Marudio yasiyoongeza kitu yatoke, yanayoongeza yabaki, na karatasi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo vizuri kama sikio.

Kiungo cha "kijana" kitakuwa rahisi, kwa sababu kabla ya sauti ya k kinywa hufunga kidogo na sauti hukatika kwa kitambo. Kuza mawimbi ya sauti kwenye taimlaini utaona bonde dogo. Kata ndani ya bonde hilo. Kiungo cha "nilianza" ni kigumu kidogo kwa sababu n haina bonde, inatiririka kutoka kwenye neno lililotangulia. Hapo weka mfifio mfupi, yaani sauti ya kwanza ififie huku ya pili ikiinuka, kwa fremu mbili, ambazo kwa fremu 25 kwa sekunde ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisha funga macho usikilize mara moja. Kama umesikia kiungo, mtazamaji naye atakisikia, hata kama hataweza kusema ni nini.

Kuna kosa moja ambalo mawimbi hayatakuonyesha, nalo ni sauti inayopanda. Mtu akiwa bado anaendelea, mwisho wa neno huinuka, akimaliza, hushuka. Kwenye mahojiano ya pili mmemkata fundi kwenye "wanaegemea nyuma", na sauti yake pale iko juu, kwa sababu alikuwa anaelekea kusema "halafu kiungo kinafunguka". Sikio linabaki linangoja kitu kilichokwisha kukatwa, na hiyo ni sababu kubwa ya ile haraka mnayoisikia. Sogezeni mkato mpaka sauti inaposhuka, hata kama mnaongeza sekunde mbili.

Na pumzi. Baada ya nukta mtu huvuta hewa. Mkikata pumzi zote, anayesikiliza naye hubanwa kifua bila kujua sababu. Niliwahi kuhariri maelezo ya mama mmoja mzee nikatoa kila pumzi, nikijivunia jinsi yalivyokuwa safi. Binti yake aliposikiliza aliniuliza mama alikuwa anamkimbia nani. Nilirudisha pumzi moja kwa kila sentensi mbili tatu, akawa mama yake tena.

Ukishaondoa vipande vya sauti, kutabaki mashimo mahali ambapo unataka kituo lakini huna pumzi. Usiache shimo tupu. Kila chumba kina sauti yake hata watu wakinyamaza, na ikikatika ghafla inasikika kama redio imezimwa. Hamkurekodi sauti ya karakana ikiwa kimya, na safari ijayo rekodini sekunde 30 kabla ya kuondoka, kila mtu akiwa ametulia. Kwa sasa rudi kwenye video ghafi, tafuta pale mwenzenu alipomaliza swali na fundi akawa anafikiri kabla ya kujibu. Kuna mahali pana sekunde tatu safi. Nakili kipande hicho ukiweke kwenye mashimo. Usichukue kipande cha nusu sekunde ukakirudiarudia, kwa sababu kitapiga kama mapigo ya moyo.

Kwa hiyo mahojiano ya kwanza yanashuka kutoka dakika 2 na sekunde 20 mpaka dakika 1 na sekunde 40: sekunde 25 za jina, na 15 za marudio, ukimya ukiwa umerudi. Mahojiano ya pili sitayapunguza. Rekebisha tu ile mikato iliyopanda, na sekunde mtakazoongeza zifidie kwa kutoa "unajua" zake mbili.

Sasa fungua picha. Kila mahali ulipokata sauti, kichwa cha fundi kitaruka. Mmezoea kufunika miruko kwa klipu yoyote ya karakana iliyo karibu, na ndiyo sababu anaposema juu ya baba yake tunaona kopo la misumari. Macho yanauliza misumari inahusu nini, na kwa sekunde hizo masikio hayasikii. Picha ya kufunika iwe na kazi yake. Mna klipu ya mikono yake ikishika ubao huku mwanafunzi akikata upande wa pili. Iweke kuanzia "baba yangu" mpaka "namshikia tu". Inafunika kiungo cha "alikuwa", na pia inatuonyesha kwamba leo yeye ndiye baba. Viungo viwili vya mwanzo vifunike kwa picha ya kijiti kikisokota kamba, ambayo ndiyo tuliyotoka kuiona, sauti yake ikaanza juu yake kabla hatujamwona uso. Kisha, kwenye "siku moja akaniambia", rudi usoni na usiondoke tena. Ukimya wote tuuone usoni. Hapo hakuna cha kufunika, na hata kungekuwa na picha nzuri kiasi gani, ningeiacha kabatini.

Baada ya "hakusema kitu", mwache sekunde mbili. Halafu ingiza sauti ya msasa kama nusu sekunde, fremu 12 hivi, wakati uso bado upo, ndipo picha ya karakana ije. Sauti ikitangulia picha, mtazamaji anavutwa kuingia sehemu inayofuata badala ya kusukumwa. Tumia hiyo kwenye makutano mawili matatu ya sehemu kubwa. Ikiwa kila mahali inakuwa mazoea, na mtu anaanza kuiona.

Nimewaongezea pia sekunde 20 kwenye utengenezaji wa kiti, ukawa dakika 3. Mlikuwa mmeipasua ile ya kupiga msasa vipande saba vya sekunde mbili mbili. Tafuta kile kipande kimoja ambacho anapiga, anapuliza, anagusa, anapiga tena, na ukiache chote bila mkato. Kitu kikiwa na mwanzo na mwisho ndani ya klipu moja, hakihitaji kuchangamshwa. Na zile picha za kuaga, sekunde 40, zifanye 20: majina tu, juu ya sauti ya karakana. Sasa jumla ni dakika 9. Ile dakika moja iliyobaki msiijaze.

Kuhusu kumharibia maneno, mhofie zaidi mwalimu wa vifaa kuliko fundi. Mahali pengine kwenye toleo lenu anasema, "Kazi yake nzuri, ingawa wakati mwingine anachelewa," na picha inahama. Nimesikiliza video ghafi. Aliendelea: "kwa sababu sisi hatumletei mbao mapema." Mkato huo uliokoa sekunde tatu na ukampa fundi kosa la watu wengine. Kipande hicho kwa bahati kimetoka chote sasa, lakini kipimo kitumie kwa vilivyobaki: aliyesema akikaa kando yako akitazama, atasema "ndivyo nilivyosema"? Kutoa kusita kwake, atakubali. Kutoa "kwa sababu" yake, hatakubali. Wala usichukue ukimya wa swali moja ukaupachika mbele ya jibu la swali jingine, hata kama unapendeza.

Mkimaliza, watafuteni watu wawili ambao hawajaiona kabisa. Kaa pembeni yao mahali unapoona nyuso, na usitazame skrini hata mara moja. Kila mmoja wao anapogeuza shingo, kujikuna au kushika simu, andika dakika na sekunde. Baadaye, ukirudi kwenye taimlaini, usikate pale ulipoandika. Rudi nyuma sekunde 20 mpaka 30. Mtu huanza kuchoka kabla mwili haujaonyesha, na mara nyingi kosa liko kwenye sehemu iliyotangulia, ambayo ilijibu swali lake lote ikamwacha bila cha kungoja. Wakiuliza "ilikuwaje kuhusu kile kiti?" mtajua mmekata mno, na kipande cha kurudisha kitakuwa kwenye ile nakala ya dakika 14.

Niletee Ijumaa, muziki ukiwa bado umezimwa, pamoja na hedifoni. Nataka tusikilize pamoja kile kiungo cha "nilianza".